"Dipo Hairudi" Si Masharti. Hivi Ndivyo Naandika Prioda Sasa

Wasee wa Thika na Ruiru, leo naongea na nyinyi mnaouza vitu vya prioda kwa WhatsApp, Instagram na TikTok. Viatu, mabegi, nguo, vifuniko vya simu. Najua posti zenu kwa sababu nilikuwa naandika vile vile: picha kali, bei, halafu "Inafika baada ya wiki 4. Dipo 50%. Dipo hairudi." Basi. Maoni yangu ni kwamba posti ya hivyo ni deni ambalo umechukua kwa watu bila kuwaambia utalilipa lini, na mimi nilijifunza hivyo vibaya.

Prioda yangu ya kwanza ilikuwa mabegi ya laptopu kutoka China, kwa meli. Watu 40 walilipa. Wa kwanza alituma pesa tarehe 2, wa mwisho akatuma tarehe 20, na wote walisoma "wiki 4". Dada mmoja aliyekuwa anaingia kampasi Thika akaniuliza kwa inboksi, "Bro, wiki nne zako zinaanza lini?" Sikuwa na jibu. Kwangu zilianza siku nilipomlipa saplaya. Kwake zilianza siku M-Pesa yake ilipotoka. Na kwa saplaya, "wiki 4" ilikuwa safari ya meli peke yake, kiwanda na bandari havikuhesabiwa.

Mzigo ulifika baada ya wiki 11. Watu 11 walitaka pesa yao, 900 kila mmoja, yaani 9,900. Kwa simu nilikuwa na 4,000. Ile nyingine ilikuwa imeenda kiwandani kitambo. Mama ya mteja mmoja alinipigia, akaniambia tu, "Kijana, mtoto ameshaenda shule na karatasi ya nailoni. Begi iko wapi?" Hapo "dipo hairudi" inakutoka mdomoni kweli? Mimi ilinishinda. Nilikopa, nikarudishia watu polepole kwa mwezi mzima.

Kwa hivyo tuanze na tarehe. Tarehe ya prioda huibuni, unaihesabu hatua kwa hatua. Prioda yangu ya pili nilifunga nafasi tarehe 5 Mei na nikamlipa saplaya tarehe 6 Mei. Kiwanda kilisema siku 10. Kupeleka mzigo kwa ghala la msafirishaji na kungoja kontena lijae, niliweka siku 12. Hapa ndipo wengi wanajidanganya, kwa sababu mzigo wako mdogo unachanganywa na wa watu wengine, na kontena haliondoki kwa ajili ya mabegi yako 30. Bahari niliweka siku 35 hadi Mombasa. Kutoa mzigo bandarini na kuufikisha Nairobi, siku 14. Kuhesabu na kukagua zipu moja moja hapa Ruiru, siku 3. Jumla siku 74, na hiyo inakuangusha 19 Julai.

Sasa usiandike 19 Julai. Hiyo ni tarehe ambayo kila kitu kimeenda sawa, na ni lini kila kitu kilienda sawa? Niliongeza siku 12 za akiba nikaandika 31 Julai. Na kama hesabu yako inapita Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huanguka kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, ongeza zaidi, kwa sababu viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa na wafanyakazi huenda mashambani kwao. Wiki ya kwanza ya Oktoba pia kuna likizo yao ya taifa.

Halafu sema hiyo tarehe ni ya nini. Mzigo kutoka China? Kufika Mombasa? Kufika Nairobi? Mteja hajali hizo zote. Mimi naandika siku ambayo begi linakuwa tayari kuchukuliwa Ruiru, ama kuwekwa kwa matatu ya Thika. Ni tarehe moja kwa kila mtu, haijalishi ulilipa lini.

Ya pili ni dipo. Watu hutaja 50% kwa sababu wameiona kwa wengine. Jiulize hiyo pesa inafanya kazi gani. Begi langu lilikuwa 1,800. Kiwanda kinataka 900, usafiri na kutoa mzigo ni kama 250, faida yangu 650. Kwa hivyo dipo ya 900 ndiyo bei ya kiwanda, na siku ninapomlipa saplaya, hiyo pesa haiko tena Kenya. Mteja akidai siku ya 80, unamrudishia na nini?

Hapo ndipo nilibadilisha kitu kikubwa. Siku hizi kabla ya kufungua nafasi naweka kando pesa ya kurudishia theluthi moja ya watu. Nafasi 30, theluthi ni watu 10, kwa hivyo 9,000 inakaa na haiguswi. Pia usafiri wa 250 kwa kila begi naulipa mimi nikichukua mzigo Nairobi, kabla sijaona balansi ya mtu yeyote. Hiyo ni 7,500 nyingine. Jumla 16,500. Kama sina, sipunguzi masharti, napunguza nafasi. Nilitoka 40 nikaenda 30 kwa sababu hiyo tu.

Kumbuka pia begi la mtu aliyerudishiwa pesa halijapotea. Linakuja, na utaliuza kwa bei kamili. Hiyo akiba ni ya kukuvusha tu.

Ya tatu ni kuchelewa, na hapa ndipo nagombana na marafiki zangu wauzaji. Wanasema, "Saplaya akichelewa si makosa yangu." Sawa, si makosa yako. Lakini mteja hamjui saplaya wako, hajaongea naye, na pesa hakumtumia yeye. Alikutumia wewe. Kama unataka kumlaumu saplaya, mlaumu kwa inboksi yake, si kwa ya mteja.

Tena tofautisha vitu viwili ambavyo "dipo hairudi" inavichanganya. Mteja akibadilisha nia baada ya wewe kulipa kiwanda, ni haki useme dipo hairudi, kwa sababu yeye ndiye aliyevunja maneno. Lakini wewe ukipitisha tarehe, umevunja wewe, na hilo sharti linakufa hapo. Posti ambayo haisemi hivyo inamwambia mteja kwamba makosa yote ni yake.

Hii ndiyo posti niliyoandika mara ya pili, chukua ubadilishe:

"Begi la laptopu, inchi 15.6, nyeusi au kijivu. Bei 1,800. Nafasi 30.

Nafasi zinafungwa 5 Mei. Natuma oda 6 Mei. Begi litakuwa tayari kuchukuliwa Ruiru, ama kutumwa Thika kwa matatu, kufikia 31 Julai. Nauli ya matatu ni yako.

Dipo 900. Balansi 900 unalipa ukishaliona begi. Wa kutumiwa, nakutumia video ya begi lako kwanza.

Ukibadilisha nia kabla ya kufunga 5 Mei, narudisha 900 yote. Baada ya hapo dipo hairudi, lakini unaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako.

Nikijua mzigo utapita 31 Julai, nitakuambia ndani ya siku 2 na nikupe tarehe mpya. Utachagua: kungoja na kupunguziwa 150 kwa balansi, ama kurudishiwa 900 yote ndani ya siku 3 kwa namba uliyolipia. Mzigo ukipita 14 Agosti, narudishia kila mtu bila kuulizwa."

Ilifanya kazi? Sikiza, mzigo ulichelewa tena. Tofauti ni kwamba nilijua mapema. Kila hatua nilikuwa nadai ushahidi: picha ya maboksi yangu kwa ghala yakiwa yamepimwa, halafu namba ya kontena. Hiyo namba ina herufi nne na tarakimu saba, na unaweza kuifuatilia kwa tovuti ya kampuni ya meli. Kama msafirishaji anakuambia "iko njiani" lakini namba hana, haiko njiani. Kwa hesabu yangu kontena lilipaswa kuondoka 28 Mei. Liliondoka 13 Juni. Siku 16 zilienda, akiba yangu ya 12 ikaisha na 4 zikabaki juu, yaani 4 Agosti. Siku hiyo hiyo nikaandikia watu wote: tarehe mpya 8 Agosti, chagueni.

Watu 4 walichukua pesa yao, 3,600, na ilitoka kwa ile akiba. Watu 26 wakangoja. Mabegi yalikuwa tayari 7 Agosti. Punguzo lilinigharimu 3,900, kwa hivyo badala ya faida ya 19,500 nilipata 15,600. Yale mabegi 4 yaliyobaki yaliisha wiki hiyo hiyo. Hakuna mama aliyenipigia.

Kuna wale watasema tarehe ya mbali inafukuza wateja. Ni kweli, wengine walisoma "31 Julai" wakaenda kwa mtu aliyeandika "wiki 3". Waache waende. Mtu anayehitaji begi Juni si mteja wa meli, na ukimchukua utamrudishia pesa tu Julai, tena na matusi.

Na wewe mnunuzi, Katiba yetu Kifungu cha 46 inakupa haki ya kupata maelezo unayohitaji kuhusu unachonunua, na haki ya fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa au huduma. Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia kesi za hadi shilingi milioni moja, kwa hivyo 900 yako si pesa ndogo sana ya kudai. Lakini ni rahisi zaidi kuuliza maswali matatu kabla hujatuma: Tarehe gani, na ni ya kufika wapi? Dipo inarudi lini na hairudi lini? Ukichelewa, nachagua nini? Piga skrinishoti ya majibu. Muuzaji akikujibu "usijali", jali.

Yule dada wa kampasi, kwa njia, alikuwa mmoja wa wale 26. Alikuja Ruiru mwenyewe, akavuta zipu zote, akalipa 750 yake. Akaniambia, "Sasa hii ndiyo tarehe."