Ukurasa wa Kanzu Usioonekana Google

Dada mmoja wa Birmingham anashona kanzu na kuziuza kwenye tovuti yake ya WordPress. Anatuandikia kwamba ukurasa wa kanzu za Idi una wiki tatu sasa, lakini ukiutafuta Google huupati. Wanaouona ni wale aliowatumia kiungo kwa WhatsApp tu, na Idi haiko mbali.

Dada, anza kwa kuithibitishia Google kuwa tovuti ni yako. Ingia search.google.com/search-console kwa akaunti yako ya Gmail, hulipi kitu. Utaulizwa uchague Domain au URL prefix. Chagua Domain, maana inashika anwani zako zote, zenye www na zisizo nayo. Utapewa mstari unaoanza na google-site-verification=. Unakili, kisha nenda kwa kampuni uliyonunulia jina la tovuti, ufungue sehemu ya DNS na uubandike kama rekodi ya TXT. Rudi ubonyeze Verify. Ikikataa, usibadilishe kitu. Subiri, huenda ikachukua hata siku mbili tatu. Ikikubali, usiifute rekodi ile, kwa kuwa Google huirudia kuikagua.

Sasa peleka ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Fungua Sitemaps, uandike anwani nzima, ukiweka jina la tovuti yako badala ya example.com, halafu bonyeza Submit:

```
https://example.com/wp-sitemap.xml
```

Ukiona Success, ramani imesomwa. Ukiona Couldn't fetch, ifungue mwenyewe anwani ile. Ikikuambia ukurasa haupo, ingia Settings, kisha Reading, utazame kisanduku cha Discourage search engines from indexing this site. Wajenzi wengi wa tovuti hukitia alama kazi ikiendelea, wakaondoka bila kukitoa. Kikiwa na alama, WordPress haitoi ramani hiyo, na kila ukurasa unaiambia Google isiuorodheshe. Kitoe alama, uhifadhi, uitume ramani upya.

Lakini Success maana yake orodha imepokewa. Haisemi kwamba kila ukurasa umeingizwa. Bandika anwani ya ukurasa wa kanzu kwenye kisanduku cha juu cha Search Console. Ukisoma URL is not on Google, sababu imeandikwa chini yake. Ukisharekebisha, bonyeza Request indexing mara moja tu, kurudia hakuuharakishi. Majibu huchukua siku kadhaa hata wiki, na Google haiahidi kuukubali kila ukurasa. Kwa hiyo ukurasa wa Idi utoe mapema, wala usiache kuwatumia wateja kiungo.