Mkono Ukining'inia, Kipimo cha Damu Hudanganya

Karani wa mizani katika shamba la mkonge hawezi kupima bandari ya nyuzi huku mguu wake umekanyaga sahani ya mizani, kisha akaandika uzito ule katika daftari. Atakayefanya hivyo ataitwa mpunjaji. Lakini katika zahanati zetu, bara na visiwani, shinikizo la damu hupimwa kila siku kwa namna inayofanana na hiyo, na hakuna anayelalamika, kwa sababu anayepunjwa hajui kwamba amepunjwa.

Tulilishuhudia jambo hili Hale, wilayani Korogwe. Mzee mmoja wa Pemba aliteremka katika basi litokalo Dar es Salaam kwenda Tanga, ambako angepanda chombo cha kurudi kisiwani. Alisikia kizunguzungu, jamaa zake wakampeleka katika zahanati ya jirani. Akaketishwa kwenye benchi lisilo na egemeo, akakunja nne kama ilivyo desturi ya mtu mzima anapopumzika, na mkono wake ukining'inia ubavuni. Kijana aliyekuwa zamu akamfunga mkanda papo hapo. Mashine ikaonyesha 152 juu na 94 chini. Kijana akaanza kumweleza mzee habari za vidonge vya kumeza maisha yake yote.

Muuguzi mkubwa alikuwa anasikiliza. Akamwuliza mgeni, "Shikamoo babu. Umekwenda haja ndogo?" Mzee akajibu kwa haya, "Marahaba mwanangu. Tangu Chalinze sijateremka." Akaonyeshwa choo. Aliporudi aliwekewa kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikakaa sakafuni, na mkono ukalazwa juu ya meza. Meza ilikuwa fupi, kwa hiyo muuguzi akaongeza kanga iliyokunjwa chini ya mkono mpaka mkanda ukawa sawa na katikati ya kifua. Wakakaa kimya dakika tano. Kipimo cha kwanza kikawa 138 kwa 86, na cha pili, baada ya dakika moja, 134 kwa 84. Wastani wake ni 136 kwa 85. Kwa kuwa mpaka unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni 140 kwa 90, mzee aliyekuwa mgonjwa saa ile ile sasa alikuwa chini ya mpaka. Aliambiwa apimwe tena akifika kwao, na kizunguzungu chake kikatafutiwa sababu nyingine.

Sababu ya mambo haya si uchawi, wala si ubovu wa mashine. Watu wa Hale wanayo mbele ya macho yao. Kituo cha umeme cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, huzungushwa na maji ya Mto Pangani yanayoteremka kutoka juu, na kadiri maji yanavyoteremka ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi. Damu nayo ni kimiminika. Mkanda ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu iliyo juu yake huongezeka katika hesabu. Sentimita 10 za kushuka huongeza karibu pointi 8, juu na chini. Kinyume chake pia ni kweli: mkono ukiinuliwa juu ya moyo, kipimo hupungua, na mgonjwa wa kweli anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa ni mzima.

Mkono usioegemezwa una kosa la pili. Hata ukinyanyuliwa mpaka usawa wa moyo, mwenyewe akiushika hewani misuli yake hukaza, na misuli inayokaza hupandisha shinikizo. Kwa hiyo haitoshi mkono kuwa sawa na moyo. Lazima ubebwe na meza, si na mwenyewe.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore nchini Marekani, walilipima jambo hili kwa watu wazima 133, na matokeo yakachapishwa mwezi Oktoba 2024. Kila mtu alipimwa mkono ukiwa mezani, ukiwa mapajani, na ukining'inia. Mkono wa mapajani uliongeza karibu pointi 4 juu na 4 chini. Mkono ulioning'inia uliongeza pointi 6.5 juu na 4.4 chini. Huo ulikuwa wastani. Wako walioongezeka zaidi.

Kukunja nne hubana misuli na mishipa ya miguu, damu ikarudi kifuani kwa wingi zaidi, na kipimo cha juu kikapanda pointi kadhaa. Kosa hasa ni goti juu ya goti. Kupishanisha vifundo vya miguu hakuna athari ya maana. Kibofu kilichojaa nacho huamsha neva zinazokaza mishipa ya damu. Kiasi cha nyongeza hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini miongozo ya kupimia hutaja hata pointi 10 na zaidi.

Hapa tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, asije mtu akachukua kipimo kibaya, akatoa pointi 6 za mkono na 10 za kibofu, akadhani amepata ukweli. Makosa haya hayajumlishwi wala kutolewa kwa hesabu ya dukani, na katika kisa cha yule mzee hata zile dakika tano za kutulia zilikuwa na sehemu yake. Dawa ya kipimo kibaya ni kupima upya. Pili, mkao mzuri haumponyi mgonjwa. Aliyepata 180 huku amekunja nne hatakuwa mzima kwa kushusha mguu, wala anayetumia vidonge asiviache kwa kusoma safu hii. Mkao huamua hukumu ya wale walio karibu na mpaka, nao ni wengi.

Kwa hiyo tunasema na wakubwa wa afya, wa wilaya za bara na wa Unguja na Pemba. Kila pointi ya uongo inayomvusha mtu mpakani huandika mgonjwa asiyekuwapo, naye atahesabiwa wakati wa kuagiza dawa, na mwenye haja ya kweli akose. Tunachokitaka si mashine mpya. Ni kiti chenye egemeo, meza ya kimo cha kufaa, choo kisichofungwa kwa kufuli, na ruhusa kwa muuguzi kumwacha mgonjwa atulie dakika tano hata kama foleni ni ndefu. Na kwenye kadi, kabla ya kuandika neno "presha", pawe na vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa mkao ulio sawa.

Nanyi wananchi, msione haya. Kabla ya kufungwa mkanda, omba kwenda choo, shusha mguu, na uliza mkono uwekwe wapi. Kuuliza mizani ikoje si utovu wa adabu kwa mpimaji. Ni haki ya mwenye kupimwa.