Nguo ni Mwili: hadithi ya kufungulia somo la michezo



Wazazi wenzangu, na hasa akina mama mnaosomesha watoto madrasa na nyumbani, juma hili ukurasa wetu ni wa watoto wa miaka saba. Umri huu una uzito wake katika dini yetu. Ndio umri ambao Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuelekeza tuanze kuwaamrisha watoto wetu swala, na mafakihi wengi wameukadiria kuwa ndio wakati mtoto anapoanza kupambanua.

Uwanjani nako kuna jambo hutokea katika umri huo. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeandika mwaka 1932 juu ya watoto wachezao gololi, aliona kuwa watoto wa miaka saba hivi hutaka wote wafuate sheria moja, lakini ukimwuliza kila mmoja peke yake sheria hiyo ni ipi, majibu hutofautiana. Kwa hiyo ugomvi wao mwingi si hila. Ni watoto wawili wanaocheza michezo miwili, na kila mmoja anadhani mwenzake anamdhulumu.

Hadithi ifuatayo nimeitunga ili isomwe kwa sauti kabla ya mchezo. Haizidi dakika nne. Nimeiweka Kimulot, katika Kaunti ya Bomet, kwenye vilima vya michai, kwa kuwa chai ya huko juu huteremshwa mpaka Mombasa kupigwa mnada, na watoto wetu huinywa kila siku bila kujua inakotoka. Mchezo wenyewe ni kati, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita rede.

*

Saumu ana miaka saba. Kwao ni Mombasa, lakini likizo hii yuko Kimulot kwa shangazi yake. Kimulot kuna baridi. Asubuhi ukungu hulala juu ya michai kama shuka. Saumu huvaa sweta juu ya gauni lake refu.

Shangazi huchuma chai. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kijae. Kisha huyapeleka majani kwenye kituo cha kupimia. Hapo karani huitazama mizani kwanza.

"Sifuri," husema karani. Ndipo hulitundika gunia.

"Shangazi," Saumu akauliza, "kwa nini anaitazama mizani wakati haina kitu?"

"Kwa sababu majani yakishapanda, mwanangu, kila mtu ataona anachotaka kukiona."

Siku ile lori la kiwanda lilichelewa. Watoto wakaamua kucheza kati. Mpira wao ulikuwa soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa. Cherono alisimama upande huu, na Chepkoech upande ule. Saumu, Chebet na wasichana wengine wawili wakaingia katikati. Atakayeguswa na mpira anatoka. Hapo katikati palikuwa na chupa tupu. Wa kati wakiijaza udongo kabla hawajatoka wote, wameshinda.

"Na mpira ukigusa nguo?" akauliza Cherono.

"Nguo ni mwili," akasema Chebet.

"Nguo ni mwili!" wakaitikia wote. Saumu naye akaitikia.

Mpira ukaruka. Pap! Mmoja akatoka. Pap! Wa pili akatoka. Pap! Chebet naye akatoka. Akabaki Saumu peke yake. Anachota udongo mwekundu, anamimina, anaruka. Anachota tena, anamimina, anaruka. Chupa ilibakia vidole viwili ijae.

Cherono akarusha mpira chini chini. Saumu akaruka juu. Mpira ukapita, ukaenda zake majanini.

"Nimekosa!" akalia Cherono.

"Jaza, Saumu! Jaza!" akapiga kelele Chebet.

Lakini Saumu alikuwa amehisi kitu. Kitu kidogo sana, kama paka anapopita kando ya mguu wako. Mpira uligusa pindo la gauni lake.

Hakuna aliyeona. Saumu akanyamaza. Udongo ulikuwa mkononi mwake.

Kisha akaufungua mkono. Udongo ukaanguka chini.

"Umenipata, Cherono," akasema. "Umegusa pindo. Na nguo ni mwili."

Chebet akapiga mguu chini. "Ungejaza tu!" akasema, akamgeuzia mgongo.

Cherono na Chepkoech wakashangilia. Lori likafika. Mchezo ukaisha.

Njiani Saumu alitembea kimya.

"Mmeshinda?" akauliza shangazi.

"Tumeshindwa."

"Kwa kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Shangazi akamshika mkono, wakaenda nyumbani.

Kesho yake Chebet akaja na ile soksi. "Saumu," akasema, "leo pia uwe upande wangu." Kisha akawageukia wenzake. "Jana nguo ilikuwa mwili. Lakini gauni la Saumu ni refu, na sketi zetu ni fupi. Leo nguo isihesabiwe. Tukubaliane sasa, kabla mpira haujarushwa."

"Tumekubali!"

Chebet akaipindua chupa. Udongo wote wa jana ukamwagika.

"Sifuri," akasema Saumu.

Wakaanza.

*

Sasa niseme nanyi mtakaoisoma.

Someni mpaka pale Saumu anaponyamaza na udongo mkononi, kisha mtue. Msiwaulize watoto, "Wewe ungefanya nini?" Mtoto wa miaka saba anajua jibu linalomfurahisha mwalimu, na wote watawajibu kuwa wangesema kweli. Ulizeni hivi: "Saumu anajua nini ambacho wenzake hawakijui?" Hapo mtoto analazimika kuingia ndani ya gauni lile na kuhisi mguso ule. Wakishajibu, malizieni hadithi bila kuongeza mawaidha, mwende uwanjani.

Uwanjani, wapangeni watoto 8: wawili wa kurusha na sita wa kati. Mpira uwe wa soksi, usioumiza. Kati ya warushaji pawe na hatua 8 za mtu mzima. Kabla ya kuanza, watoto wenyewe wajibu mambo mawili kwa sauti: je, nguo inahesabiwa, na je, mpira uliodunda chini kwanza unahesabiwa? Jambo la tatu liwekeni nyinyi, kwamba kichwani hapapigwi.

Suala la nguo lisichukuliwe wepesi. Binti mwenye gauni refu ana eneo kubwa la kugusika kuliko mvulana mwenye kaptura, na sheria iliyo sawa kwa maneno inaweza kuwalemea baadhi yao kwa vitendo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alipoendesha mashindano ya farasi, wale waliokuwa wamezoezwa walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawakuzoezwa wakawekewa masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila kundi lilipewa masafa yanayolifaa, na yalijulikana kabla ya farasi kuachiwa. Hilo ndilo alilolifahamu Chebet siku ya pili. Sheria yenye kasoro hurekebishwa kabla ya mchezo unaofuata, wala haikanwi mpira ukishagusa pindo.

Katika duru ya kwanza, ya dakika tatu hivi, mwalimu asihukumu. Kila aliyeguswa ainue mkono mwenyewe na kutoka. Tazamieni mambo mawili yatakayoharibika. La kwanza, atatokea mtoto atakayeinua mkono hata asipoguswa, kwa kuwa amesikia hadithi na anataka kusifiwa. Dawa yake ni kutomsifu yeyote anayetoka. Mpokeeni kwa utulivu uleule mnaompokea anayebaki. La pili, atatokea ambaye wenzake wanasema ameguswa naye anakataa. Msimwite mwongo mbele ya watu. Mvuteni kando mumwulize, "Nyumbani kwenu mnachezaje?" kisha mwulizeni hivyo hivyo aliyemshitaki. Majibu yakitofautiana, tatizo ni sheria, na lirudisheni kwa watoto wote waliamue kabla ya duru ya pili. Yakilingana, huenda hakuhisi, hasa akiwa amevaa sweta nzito, basi mwambieni alivue. Likijirudia baada ya hapo, ndipo mzungumze naye juu ya ukweli, mkiwa wawili tu.

Mama mmoja huenda akaniuliza kwa nini Saumu hakushinda. Nimeandika hivyo kwa kukusudia. Tukimpa kila mkweli kikombe mwishoni mwa hadithi, mtoto hujifunza kuwa ukweli ni njia nyingine ya kushinda, na siku utakapomgharimu atauacha.

Kwa ndugu zao wakubwa, wasimulieni kisa cha kweli. Desemba 2012, katika mbio za nyika mjini Burlada, kaskazini ya Hispania, Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa amepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka huohuo, alikuwa anaongoza. Akadhani amekwisha kumaliza, akasimama mita chache kabla ya mstari. Mhispania Iván Fernández Anaya alikuwa nyuma yake na angeweza kumpita. Hakumpita. Hawakuwa na lugha moja, basi akamwonyesha mstari kwa ishara na kubaki nyuma yake mpaka akaukanyaga. Mutai akawa wa kwanza, na Fernández Anaya akawa wa pili.

Juma lijalo, inshallah, mkishaujaribu mchezo huu na watoto, niandikieni walikubaliana nini kuhusu nguo.

Wabillahi tawfiq.