Depo ya miji sita: namna tishio la kubomoa bei linafanya kazi bila vita

Kwenye soko la unga wa bukari, maneno haya si mageni: "Mutu akifungua depo hapa, tutateremusha bei mpaka atafunga." Muuzaji mukubwa anayasema, wadogo wanayasikia, na wengine wanaacha kabisa mpango wa kufungua. Je, muuzaji huyo angefanya kweli, ao anapiga kelele tu? Wachumi walibishana juu ya swali hili kwa miaka, na jibu lao linasaidia kuelewa bei tunayolipa.

Tuchukue mfano. Tuseme mufanyabiashara mumoja, mwenye depo kubwa karibu na Karavia, ana matawi katika miji sita: Kipushi, Kasumbalesa, Likasi, Kambove, Fungurume na Kolwezi. Kila mahali yuko peke yake. Katika kila muji kuna kijana mumoja mwenye akiba kidogo ambaye anafikiri kufungua depo yake. Wataamua mumoja mumoja, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi, na kila mumoja anaona yaliyopata wale wa mbele yake.

Hesabu ni hii. Kama kijana hafungui, mukubwa anapata milioni 5 za franka katika muji ule, na kijana anabaki na milioni 1 kutoka kazi yake nyingine. Kama kijana anafungua na mukubwa anakubali kugawana wateja, kila mumoja anapata milioni 2. Kama mukubwa anabomoa bei, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Namba hizi zilitumiwa na Reinhard Selten, mwanauchumi wa Ujerumani, katika makala yake ya mwaka 1978. Yeye aliweka miji 20.

Tuhesabu kutoka mwisho

Selten alisema: usianze Kipushi, anza Kolwezi. Kule ni muji wa mwisho, hakuna tena mutu wa kutisha baada yake. Kijana akishafungua, mukubwa anachagua kati ya milioni 2 na sifuri. Atachukua mbili. Kijana anajua hivyo, kwa hiyo atafungua.

Sasa rudi Fungurume. Kupigana hapa kungekuwa na faida moja tu: kumutisha yule wa Kolwezi. Lakini tumeshaona kwamba wa Kolwezi atafungua hata iweje. Basi kupigana Fungurume ni kutupa milioni 2 bure. Mukubwa atagawana tena. Ukirudi Kambove, mawazo ni yale yale, na hivyo hivyo mpaka Kipushi. Hesabu inasema: vijana wote sita watafungua, na hakutakuwa vita ya bei hata siku moja. Mukubwa atapata milioni 12 kwa miji yote.

Hesabu haina kosa, lakini watu wa soko hawaiamini. Selten mwenyewe aliandika kwamba angekuwa yeye mwenye maduka, angepigana mapema. Sababu inaonekana. Akipigana Kipushi na kupoteza, kisha wanne wanaofuata wakaogopa, anapata milioni 20. Hata akigawana Kolwezi, jumla ni 22, karibu mara mbili ya 12. Tatizo hili likaitwa fumbo la mwenye maduka mengi.

Mashaka kidogo yanabadilisha yote

Jibu lilikuja mwaka 1982, kutoka kwa David Kreps na Robert Wilson upande mumoja, Paul Milgrom na John Roberts upande mwingine. Waligusa kitu kimoja: hesabu ya Selten inataka kila kijana awe na hakika kabisa kwamba mukubwa anaumia akibomoa bei. Nani ana hakika hiyo? Pengine mukubwa ana kinu chake na malori yake, na ananunua mahindi Zambia kwa bei ambayo wengine hawapati, kiasi kwamba bei ya chini bado inamupa faida. Pengine ni mutu wa hasira tu. Tumuite mukali.

Tuseme vijana wanafikiri kuna nafasi moja kati ya kumi kwamba ni mukali. Kwa kweli ni mupole, gharama zake ni kama za wengine. Kwa kijana wa Kolwezi, kufungua kunaleta milioni 2 ao sifuri, na kukaa kunaleta 1. Kwa hiyo ataacha kufungua ikiwa anaona nafasi ya vita inapita nusu. Hapo moja kwa kumi haitoshi kumutisha.

Lakini miji ikiwa mingi mbele, mupole naye ana sababu ya kupigana, maana akigawana mara moja tu, wote watajua kwamba ni mupole na sifa yake itakwisha. Kijana anajua jambo hilo, kwa hiyo anaogopa hata kama mashaka yake ni madogo. Ukifanya hesabu, kipimo cha kutisha kinakatwa nusu kwa kila muji unaoongezeka: nusu ukibaki mumoja, robo ikibaki miwili, moja kwa nane ikibaki mitatu, moja kwa kumi na sita ikibaki minne.

Moja kwa kumi inazidi moja kwa kumi na sita. Basi Kipushi, Kasumbalesa na Likasi hakuna atakayefungua. Kambove, ikibaki miji mitatu, kijana anajaribu, na mukubwa mupole atapigana mara moja kati ya tatu tu. Kuanzia hapo sifa inaanza kuchakaa.

Angalia vizuri: katika miji mitatu ya kwanza hakuna vita, kama Selten alivyosema, lakini sababu imegeuka. Kwake, kuna amani kwa sababu wapya wameingia na wamegawana. Hapa kuna amani kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo ukisikia "huku hakuna vita ya bei", uliza kwanza: wauzaji ni wangapi?

Sifa ikikutana na sifa

Hesabu hii ina mipaka. Inafaa pale mupya ni mudogo na anaingia muji mumoja. Mupya akiwa na mufuko mukubwa, mambo yanageuka. Mwaka 1998 kampuni ya bia ya Afrika Kusini, SAB, iliyokuwa tayari na nguvu Tanzania, ilifungua kiwanda Thika, Kenya, kwenye soko la East African Breweries. Wakenya nao walikuwa na kiwanda cha Kibo huko Moshi, Tanzania. Kila mumoja alikuwa mgeni nyumbani kwa mwenzake, na hakuna aliyetishwa na jina la mwingine. Wakapigana mpaka mwaka 2002, kisha wakapatana: Thika ikafungwa, Kibo ikaacha, na kila upande ukapata asilimia 20 ya kampuni ya mwenzake katika nchi husika. Munywaji wa bia akabaki na muuzaji mumoja mukubwa kila upande wa mpaka.

Kwa soko letu, alama za kufuata ni mbili. Ya kwanza: bei ikianguka ghafula katika muji mumoja tu, wiki ile ile depo mpya inafunguliwa, na kupanda tena ikifungwa, hiyo ni vita ya kujenga sifa, na inalengwa kwa wale wa miji mingine. Ya pili: mukubwa akigawana mahali pamoja na watu wakajua, tishio lake linapungua kila mahali. Ndiyo maana habari ya depo moja iliyodumu Kipushi ina bei kubwa kwa kijana wa Kolwezi kuliko mukopo mudogo. Sifa inaishi kwa kusikika, na inakufa vile vile.