'Pakistan' siyo ushahidi wa feki

TIMU za mchangani kuanzia Bunju hadi Bagamoyo huchangishana kununua mpira, na ubishi dukani ni ule ule: ukiandikwa umetengenezwa Pakistan, basi feki! Mashabiki wengi wanaamini hivyo, na wanakosea.

Kampuni kubwa hazishoni mipira zenyewe, zinaagiza kwa wenye viwanda. Majina ya viwanda hivyo yako hadharani. Nike ilianza kuyatoa mwaka 2005, na Adidas nao wana orodha kwenye tovuti yao. Fungua hiyo ya Adidas, nenda nchi ya Pakistan, tafuta mji wa Sialkot. Usitafute jina la Adidas, maana kiwanda kina jina lake: Forward Sports. Hao ndio waliotengeneza Al Rihla, mpira wa Kombe la Dunia 2022, na kabla yake Brazuca wa 2014. Sasa feki iko wapi hapo?

Ila watu wasikurupuke. Orodha inataja kiwanda na mahali kilipo, haisemi mpira ulioko mkononi mwako umetoka humo. Anayeuza feki naye anajua kuandika Pakistan.

Orodha inasaidia zaidi kumbana muuzaji. Mpira ukitaja nchi ambayo haina kiwanda hata kimoja cha mipira kwenye orodha ya mwaka ulipotengenezwa, kapteni ashike kwanza hela za wenzake na kumuuliza muuzaji mzigo kautoa wapi.