Juu na Chini kwa Mtu Asiye na Siku Nne

Katika jimu nyingi, na za Dodoma zimo, kuna imani iliyogeuka kuwa sheria: mazoezi ya mwili mzima ni ya anayeanza, na aliyekomaa lazima augawe mwili, siku mbili juu na siku mbili chini. Mwenye miaka miwili ya chuma akipiga skwati na benchi jioni moja huchekwa kama mtoto wa shule aliyerudishwa darasa.

Imani hiyo ina kosa la hesabu, na anayeumia zaidi ni mtu wa kati, yaani aliyevuka miezi ya kuongeza kilo kila akiingia jimu. Sasa kilo mbili na nusu humchukua wiki mbili au tatu. Msuli wake haujali jina la ratiba. Unajali idadi ya seti ngumu unazopata kwa wiki. Mwaka 2019 Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuona kwamba seti za wiki zikilingana, idadi ya siku haileti tofauti ya maana katika kukua kwa msuli. Na kabla ya haya yote, Steve Reeves, Mr. Universe wa 1950, alijulikana kwa kufanya mwili mzima mara tatu kwa wiki. Hakuna aliyemwita mwanafunzi.

Chukua mtumishi wa wizara anayefanya kazi Mtumba, kilometa kama 17 kutoka katikati ya jiji. Anataka seti 10 za kifua kwa wiki. Kwa juu na chini atapiga 5 Jumatatu na 5 Alhamisi, na miguu Jumanne na Ijumaa. Kwa mwili mzima atapiga 3 Jumatatu, 4 Jumatano na 3 Ijumaa. Seti ni zilezile, ila muda ni tofauti. Vipindi vinne vya saa moja ni dakika 240. Vitatu vya dakika 75 ni 225. Hapo haijahesabiwa safari, kubadili nguo na kungoja benchi. Hayo yakila dakika 40 kila jioni, mgawanyo unafika 400 na mwili mzima 345.

Kisha linakuja Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, na majibu ya maswali ya wabunge hayangoji mtu amalize skwati. Jioni nne zinakuwa tatu. Mwenye mwili mzima hajapoteza kitu. Mwenye mgawanyo ameiacha nusu moja ya mwili na seti 5 badala ya 10, na kila mkaa jimu anajua siku inayorukwa ni ya miguu. Jioni zikibaki mbili, wa kwanza bado ana seti 6 au 7 za kila sehemu. Wa pili ana 5.

Watetezi husema mgawanyo unaweza kuzunguka: juu, chini, juu wiki hii, kisha chini, juu, chini. Ni kweli, lakini kupata wastani wa seti 10 kwa wiki kutadai karibu seti 7 za kifua kwa jioni moja, na za mwisho huwa za kubahatisha.

Pingamizi lenye uzito ni uchovu. Anayebandika siku mbili za zamani katika jioni moja atafika dakika 120 na kulaumu mfumo. Dawa ni kubadilisha kinachotangulia: Jumatatu skwati nzito, Jumatano benchi, Ijumaa kunyanyua chuma kutoka sakafuni, na skwati nzito isikae jioni moja na hilo la mwisho. Benchi na kuvuta chuma tumboni hupokezana, seti ya hili kisha ya lile, ndipo dakika 75 zinatosha. Daftari liandike benchi ya kwanza na benchi ya pili mbalimbali. Benchi inayofuata skwati huwa na kilo chache pungufu, na asiyetenganisha hudhani anarudi nyuma.

Dalili ya kupakia kupita kiasi huonekana kwenye zoezi la tatu: seti ya kwanza mara 8, ya mwisho mara 5 kwa uzito uleule, au chuma kinachotoka sakafuni kinasogea mbali na muundi huku mgongo ukipinda. Hapo zinapunguzwa seti, si kilo.

Mgawanyo una watu wake. Anayepiga skwati ya kilo 160 hutumia seti tano kupasha mwili tu, na kufanya hivyo kwa mazoezi matatu makubwa hula jioni nzima. Anayehitaji seti zaidi ya 15 kwa kila msuli naye hatazimeza kwa siku tatu. Na mwenye jioni nne za uhakika, Bunge liwepo lisiwepo, achague analolipenda.