Bati la asbesto likikaa zima halina neno. Tatizo ni namna tunavyolishusha

Wiki mbili zilizopita nilipita kwenye uchochoro mmoja wa Kisauni nikakuta nyumba ya zamani ikiezuliwa. Vijana wawili walikuwa juu ya paa na nyundo, wanapiga yale mabati mazito ya kijivu mpaka yanapasuka, kisha wanayatupa chini. Chini kulikuwa na watoto wanaokota vipande. Vumbi jeupe lilikuwa limetua juu ya nguo zilizoanikwa kwa jirani.

Nikamwita fundi mkuu nikamuuliza kama anajua anachovunja. Akacheka. "Shekhe, hizi ni bati za simiti tu. Watu wamelala chini yake miaka hamsini, nani amekufa?"

Swali lake si la kijinga, na ndilo linalorudiwa kila paa la aina hii linapoguswa hapa Pwani. Sasa ambapo nyumba kuukuu zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa, kuanzia mitaa ya kaunti kama Buxton hadi viwanja vya watu binafsi, linastahili kujibiwa sawasawa.

Bati la asbesto ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za madini ya asbesto. Maadamu bati ni zima, simiti huzishika nyuzi zile, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi chini yake muda mrefu bila kuona lolote. Likivunjwa, likikatwa kwa grainda au likisuguliwa kwa brashi ya waya, nyuzi hutoka. Ni nyembamba mno kuliko unywele, jicho halizioni, na huweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki kwa urahisi. Huleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaozunguka mapafu. Maradhi hayo hujitokeza baada ya miaka 20, 30 hata 40. Kijana aliyekuwa juu ya paa lile huenda akaja kukohoa akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka siku ile ya Kisauni.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mwenye nyumba ni kujiuliza kama kuna haja ya kuligusa. Paa lisilopasuka wala kumomonyoka linaweza kuachwa, bora lisitobolewe wala kusuguliwa. Pia usivunje kipande ili kukagua. Bati la zamani la mawimbi, la kijivu, nene kama milimita 6, lisiloshika sumaku, lihesabu kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vingine.

Kama lazima lishuke, sheria ya Kenya tangu 2006 inahesabu asbesto kuwa taka hatari. Kazi apewe mkandarasi anayeijua, na anayebeba mabati awe na leseni ya NEMA. Lakini mwenye nyumba naye ajue kazi nzuri inavyofanywa, la sivyo hatatambua anapodanganywa. Tuchukue nyumba ya kawaida yenye paa la mabati 28. Bati moja la urefu wa mita 2.4 lina uzito wa kilo 30 hadi 40, kwa hiyo hapo kuna karibu tani moja ya mzigo.

Kabla ya mtu kupanda, majirani waambiwe wafunge madirisha na waanue nguo, na watoto waondolewe. Nailoni nzito itandikwe chini ya vipenu kuzunguka nyumba. Kazi ianze alfajiri kabla upepo haujaamka, hasa msimu wa kusi. Mafundi wavae ovaroli za kutupwa na barakoa za daraja la FFP3. Ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Na hapa nasema nikijitazama kwenye kioo: barakoa haishiki juu ya ndevu, hewa hupita pembeni. Mwenye ndevu apewe kazi nyingine mbali na vumbi, au kifaa cha kofia kinachopuliziwa hewa safi.

Kisha yaje maji. Paa lilowe kabla halijaguswa, kwa pampu ya mgongoni kama ile ya wakulima, mradi haikuwahi kutiwa dawa ya wadudu. Matone machache ya sabuni ya maji hufanya maji yapenye vizuri. Bomba la presha ni haramu kabisa hapa, kwani hukwangua uso wa bati na kurusha nyuzi mtaa mzima.

Mabati huondolewa kinyume cha yalivyopangwa: vifuniko vya kilele kwanza, halafu safu ya juu, kwa sababu la juu limelilalia la chini. Shida ya kwetu ni bolti. Chumvi ya bahari imezila kwa kutu mpaka hazifunguki, na hapo ndipo fundi huvuta grainda au nyundo. Jibu ni mkasi mkubwa wa kukatia vyuma: kata kichwa cha bolti, bati linyanyuke zima. Likinyanyuka, upande wa chini nao unyunyiziwe, maana huko bado ni kukavu. Watu wawili walipokezane mkono kwa mkono hadi chini. Hakuna kutupa. Na hakuna kukanyaga bati lenyewe, kwa kuwa la zamani hukatika ghafla na mtu akaanguka hadi sakafuni. Fundi asimame kwenye jukwaa au mbao pana zilizolazwa juu ya kenchi.

Chini, mabati yafungwe yakiwa mazima na mabichi, kwa nailoni ya geji 1000, ile inayotandikwa chini ya slabu. Mikunjo iwe miwili, kingo zibandikwe kwa utepe, na juu iandikwe wazi kuwa ni asbesto. Vipande vidogo viokotwe vikiwa vimelowa. Tope la magata lichotwe likiwa bichi, kwani limejaa nyuzi za miaka yote. Kenchi zipanguswe kwa matambara yenye maji, nayo yafungwe humo humo pamoja na ovaroli. Fagio kavu lisionekane. Mafundi waoge kabla ya kurudi kwa watoto wao.

Utajuaje kazi imeharibika? Ukisikia mlio wa grainda, ukiona mabati makavu, au ukikuta rundo la vipande badala ya mabati mazima, isimamishe.

Lakini ushushaji mzuri wote hupotea mzigo ukiishia pabaya. Nyumba ile ya Kisauni, vipande vilibebwa kwa mkokoteni jioni ile ile. Baadhi niliviona siku ya pili vimejaza mashimo ya njia, pikipiki zinavisaga. Mabati mazima yalienda kuezekea banda la kuku. Hapo vumbi halikuisha, lilihamishwa.

Wenye miradi mikubwa wanaweza kulipa lori lenye leseni hadi jaa lililoidhinishwa. Mjane mwenye mabati 28 hawezi, na tukimtishia faini tu atayafukia usiku nyuma ya nyumba. Serikali za kaunti zetu zinatoa vibali vya kubomoa. Basi kibali kisitolewe kabla paa halijakaguliwa, na kiseme mzigo utapelekwa wapi. Kwa mwenye nyumba mdogo, pawe na siku maalumu za kukusanya mabati yaliyofungwa vizuri, kwa ada anayoimudu.

Nilimwambia fundi yule kwamba aliyelala chini ya bati miaka hamsini hakulivunja, yeye ndiye anayelivunja. Alinyamaza kidogo, akamwambia kijana wake alete ndoo ya maji. Yalikuwa yamebaki mabati sita.